'Tũma' si 'tuma': Kisanduku cha saa janja na herufi zetu

MPWA wangu hushona nguo mjini Embu, katika kibanda chenye cherehani mbili na kioo kimoja. Majuzi alipata oda ya sare za kwaya kutoka kwa mteja wa Nkubu, upande wa Meru. Sare zilikuwa thelathini. Alipomaliza kumi na nane alimwandikia mteja wake kumuuliza: amalize zote kwanza, au atume hizo zilizokuwa tayari? Mpwa wangu huandika Kiembu, mteja huandika Kimeru, na wanaelewana vizuri kama majirani wanavyoelewana. Jibu lilikuwa la maneno mawili tu: 'Tũma nguo.'

Mikono ya fundi huwa na kazi, kwa hiyo mpwa wangu husoma ujumbe kwenye saa janja aliyoifunga mkononi. Saa ilimwonyesha hivi: 'T□ma nguo.' Pale palipokuwa na ũ palikuwa na kisanduku kitupu. Naye, kama ambavyo ningefanya mimi au wewe msomaji, alijaza pengo kwa herufi ya kwanza iliyomjia akilini. Akasoma 'tuma nguo', akarudi kwenye cherehani na kushona siku mbili mfululizo. Jumapili kwaya iliimba ikiwa imevaa sare za zamani.

Kwa msomaji asiyejua lugha hizi, kosa liko wapi? Katika Kimeru, Kiembu na Gĩkũyũ, 'tũma', yenye kiwimbi juu ya u, ni kutuma. 'Tuma', isiyo na kiwimbi, ni kushona. Mteja alisema 'peleka nguo', fundi akasoma 'shona nguo'. Hata angetaka kubahatisha, hakuna neno lingine katika sentensi hiyo ambalo lingemsaidia, maana nguo hutumwa na nguo hushonwa.

"Mjomba, hii saa imenikosanisha na kanisa," aliniambia tulipokutana. Alikuwa tayari ameipeleka kwa kijana anayeuza na kurekebisha simu karibu na stendi, na kijana huyo alikuwa ametoa hukumu yake: saa haijui Kimeru wala Kiembu, basi. Ni hukumu hiyo ninayotaka kuikosoa leo. Inarudiwa kila mahali, na watengenezaji wenyewe huichochea wanapoandika kwenye boksi kwamba saa yao 'inasaidia' lugha kadhaa.

Neno hilo 'kusaidia lugha' linafunika mambo mawili yasiyohusiana sana. La kwanza ni menyu: je, maneno ya mashine yenyewe, kama vile mipangilio, kengele, hatua na mapigo ya moyo, yametafsiriwa katika lugha fulani? La pili ni fonti: je, ndani ya saa kuna michoro ya herufi zote ambazo lugha hiyo huandikiwa? Saa ya mpwa wangu haina menyu ya Kiswahili. Hata hivyo ujumbe wa Kiswahili huusoma bila taabu, kwa sababu Kiswahili huandikwa kwa herufi zile zile zinazotumiwa na Kiingereza. Saa haijui Kiswahili hata chembe, na wala haihitaji kukijua. Kinachotakiwa ni michoro tu. Kimeru na Kiembu vilikwama kwa michoro minne: ĩ, ũ na herufi zake kubwa, Ĩ na Ũ.

Nianze na menyu, kwa kuwa ndilo jambo jepesi. Saa nyingi za bei nafuu hazina uamuzi wao wenyewe kuhusu lugha. Zinapounganishwa na simu, programu ya saa huitazama lugha ya simu na kuipitisha. Simu ya mpwa wangu imewekwa Kiswahili, saa haina Kiswahili, kwa hiyo siku ya kwanza ilirudi kwenye lugha iliyotoka nayo kiwandani: Kichina. Dawa yake ni kuiweka simu katika Kiingereza kwa muda (Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Lugha), kufungua programu ya saa, kuiacha iwasiliane na saa hadi menyu ibadilike, kisha kurudisha simu katika Kiswahili. Katika baadhi ya saa menyu hurudi Kichina kila mawasiliano yanapofanywa upya. Mwenye Android 13 au ya baadaye ana njia nzuri zaidi, kwa sababu humo kila programu inaweza kupewa lugha yake, mradi programu yenyewe inaruhusu. Simu hubaki Kiswahili, programu ya saa peke yake ikawa Kiingereza. Na ikiwa saa ina mahali pake pa kuchagua lugha lakini menyu nzima ni Kichina, tafuta alama ya gurudumu lenye meno, ndani yake utafute 语言, maana yake lugha. Katika orodha itakayofunguka kila lugha aghalabu huandikwa kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo English utaiona.

Kijana wa stendi alikuwa ameyafanya hayo yote, na kwa ustadi. Menyu ikawa Kiingereza. Kisanduku kikabaki pale pale. Hapo ndipo alipoamua kwamba saa haijui lugha, ilhali alichokuwa amethibitisha ni kwamba menyu na herufi ni vitu viwili.

Sasa tuje kwenye kisanduku chenyewe. Herufi inapotoka kwenye kidole cha mteja Nkubu hadi mkononi mwa fundi Embu, haisafiri kama mchoro. Husafiri kama namba. Mfumo wa Yunikodi umeipa kila herufi ya dunia namba yake. Herufi ũ ni U+0169 na ĩ ni U+0129. Namba hupita mitamboni, huingia kwenye simu, simu huikabidhi saa, na saa huitafuta katika fonti yake ili ichore umbo lake. Mahali popote katika safari hiyo panaweza kuharibika, na kila mahali huacha alama yake. Ujumbe wetu ungeweza kufika katika sura hizi:

```
T□ma nguo
T?ma nguo
TÅ©ma nguo
Tu□ma nguo
Tuma nguo
```

Kisanduku cha mstari wa kwanza kinamaanisha namba ilifika salama, ila fonti haina mchoro wake. Hakuna kilichopotea. Alama ya kuuliza ni habari nyingine: kuna mtambo au programu iliyoshindwa na ile herufi ikaitupa na kuweka '?' badala yake, na kuanzia hapo hakuna awezaye kujua kilichokuwepo. Mstari wa tatu ndio huwatisha watu wakadhani simu imeingiwa na virusi. Si virusi. Katika mwandiko wa UTF-8, ũ hupakiwa kwa baiti mbili, C5 na A9. Programu ya kizamani inayodhani kila baiti ni herufi kamili huzisoma kama Å na ©. Ukiona herufi moja imegeuka mbili za ajabu, namba zenyewe bado zipo ila zimesomwa visivyo. Mstari wa nne hutokana na kibodi inayoandika u ya kawaida na kuifuatishia kiwimbi kinachojitegemea, chenye namba U+0303. Kwenye simu huwezi kutofautisha kwa macho, lakini saa huchora u, kisha inakwama kwenye kiwimbi. Dawa yake iko kwa anayeandika: atumie kibodi inayotoa ũ kama herufi moja.

Namna ya kujua ni sehemu gani ya safari iliyoharibika ni rahisi kuliko maelezo yangu. Fungua ujumbe ule ule kwenye simu. Ukiwa mzima kwenye simu na umeharibika kwenye saa, lawama ni ya saa au programu yake. Ukiwa umeharibika kwenye simu pia, iache saa, kosa lilitokea kabla yake. Mpwa wangu alipofungua simu alisoma 'Tũma nguo' bila doa.

Tukaendelea. Nilimwomba mkewe atutumie ujumbe mmoja wa majaribio:

```
ĩ ũ Ĩ Ũ î û ã õ ñ ng' ng’
```

Saa ilichora î na û zenye kofia. Ilichora ã, õ na ñ zenye kiwimbi kile kile tunachokitaka sisi. Ilichora ng' ya kwanza. Visanduku vilikuja katika ĩ, ũ, Ĩ, Ũ na katika kistari cha juu cha ng’ ya pili. Matokeo hayo yanaeleza fonti hiyo ilikatwa wapi. Yunikodi huanza na herufi 128 za msingi, kisha huja kifungu cha pili kinachoishia U+00FF, chenye herufi za Ulaya magharibi: Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kijerumani. Humo mna ã na õ za Wareno na ñ ya Wahispania. Aliyejaza fonti ya saa hii alifika mwisho wa kifungu hicho akaweka kalamu chini. Ĩ na ũ zimo katika kifungu kinachofuata, kinachoanzia U+0100. Kwa hiyo saa inakijua kiwimbi vizuri sana, ila haijawahi kukiona juu ya i wala u.

Ile ng’ ya pili inawahusu hata wasomaji wasiojua Kimeru. Alama iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe kwa kudhani zinakupambia maandishi, si ile ya kawaida iliyonyooka. Namba yake ni U+2019. Ndiyo maana 'ng’ombe' huonekana katika saa kama 'ng□ombe', na pengine katika barua pepe kama 'ngâ€™ombe'. Katika iPhone hukomeshwa kwa kuzima Smart Punctuation ndani ya mipangilio ya kibodi. Ukifanya hivyo ng'ombe wako atafika mzima.

Turudi kwa kofia. Ukitoka Embu kwenda Meru kwa barabara unapitia kaunti ya Tharaka Nithi, na maandishi ya Kitharaka huwekwa kofia pale wengine wanapoweka kiwimbi. Wenyewe huandika jina la lugha yao Kîîtharaka. Sauti ni ile ile, vazi la kichwani ndilo tofauti. Lakini î na û ni herufi za Kifaransa pia, kwa hiyo zimo katika kile kifungu cha pili, na saa ya bei ya chini kabisa huzichora. Mtharaka akimwandikia fundi wetu 'tûma', ujumbe utasomeka. Mmeru au Mwembu akiandika 'tũma', ni kisanduku. Waliochagua kiwimbi na waliochagua kofia hawakuwa wakifikiria saa, bila shaka, ila matokeo ndiyo hayo.

Wapo wanaopendekeza njia nyingine za mkato, nami sizipendi. Moja ni kurudufu herufi, ũ iwe uu. Haifai, kwa sababu urefu wa irabu tayari una kazi yake katika lugha hizi, na utakuwa umetibu utata mmoja kwa kuzua mwingine. Nyingine ni kuandika o badala ya ũ na e badala ya ĩ. Hiyo ni njia ya wageni wa enzi za ukoloni, ambao masikio yao yalisikia e pale palipokuwa na ĩ. Ndiyo sababu ramani zetu zina Nyeri ilhali wenyeji husema Nyĩrĩ. Sioni haja ya kurudi huko kwa sababu ya kifaa cha mkononi.

Ya tatu, inayotumiwa na watu wengi kuliko zote, ni kuvua kiwimbi kabisa. Huo ndio mstari wa tano katika orodha yangu ya juu. Kuna programu za saa ambazo huwa na mpangilio wa kugeuza herufi zisizojulikana kuwa za kawaida kabla ya kuzipeleka kwenye saa, na kijana wa stendi alitaka kumwekea mpwa wangu mojawapo. Nilimkataza. Mstari huo unaonekana msafi kuliko yote, na ndio pekee unaodanganya. Kisanduku kinakuambia kuna kitu hapa ambacho sikukichora, fungua simu. 'Tuma nguo' haikuambii lolote. Inasema 'shona nguo' kwa uso mkavu, na mteja hakusema hivyo.

Najua pia kwa nini watu wamezoea kuvua. Ujumbe mfupi wa simu, ule wa kulipiwa kwa laini na si wa WhatsApp, huchukua herufi 160 ukiandikwa kwa alfabeti ya msingi ya mitambo ya simu. Alfabeti hiyo ina ì na ù za Waitaliano lakini haina ĩ wala ũ, na kofia za Watharaka hazimo vilevile. Ukiandika ũ moja tu, ujumbe mzima hubadilishiwa mwandiko na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi mia moja uliokuwa mmoja unakuwa mbili, na unalipa mara mbili. Kizazi kizima kilijifunza kuandika lugha ya mama bila viwimbi kwa sababu ya shilingi, na sasa kizazi hicho kinadhani viwimbi ni mapambo ya wahubiri na walimu wa vyuo.

Si mapambo, na ushahidi uko ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha za Kibantu za kale zilikuwa na irabu saba. Kimeru na Kiembu vimezihifadhi zote. Kiswahili kimebaki na tano, kwa sababu u mbili za kale zilimezana zikawa moja, na i mbili vivyo hivyo. Lakini kabla hazijamezana, ile u ya juu kabisa, ambayo Wameru huiandika bila kiwimbi, ilikuwa imeibadilisha konsonanti iliyoitangulia: t ikawa f. Ndiyo maana Mswahili husema 'tuma' kwa kupeleka, na 'fuma' kwa kazi ya uzi. Ni jozi ile ile, 'tũma' na 'tuma'. Kiswahili kiliitunza tofauti katika konsonanti, Kimeru kikaitunza katika irabu. Kumwambia Mmeru avue kiwimbi ni sawa na kumwambia Mswahili kuanzia leo aandike 'kutuma kitambaa' akimaanisha kukifuma.

Je, mnunuzi afanye nini? Ushauri wangu utawashangaza: atafute Kivietnam. Katika maandishi ya Kivietnam, ĩ na ũ ni herufi za kila siku, kwa namba zile zile U+0129 na U+0169. Huko kiwimbi huonyesha toni. Saa ambayo orodha yake ya lugha ina Tiếng Việt ilibidi iwekewe michoro hiyo. Kijana wa stendi alikuwa na saa nyingine ya namna hiyo kwenye kabati. Tuliiunganisha na simu ile ile, tukatuma ujumbe ule ule, menyu ikiwa bado Kiingereza, na ũ ikachorwa. Kijana alicheka. "Kumbe Prof, inatusomea kwa sababu ya Vietnam?" Ndivyo.

Lakini usiilipie saa kwa kuona jina la lugha peke yake. Kuna saa ambazo fonti moja huhudumia lugha zote, na kuna zile ambazo michoro ya lugha huja pamoja na lugha inapochaguliwa. Katika hizo za pili ũ itachorwa menyu ikiwa Kivietnam, na ukirudi Kiingereza kisanduku kinarudi. Kwa hiyo tuma ule mstari wa majaribio ungali dukani, menyu ikiwa katika lugha unayokusudia kuitumia. Na kabla ya kuijaribu menyu ya Kivietnam, hesabu vitufe ulivyopitia kufika kwenye orodha, maana utakaporudi neno utakaloliona ni Ngôn ngữ. Katika saa ambayo fonti yake ilikatwa U+00FF na haina lugha kama hiyo, mwenye saa hana la kufanya ila kungoja mtengenezaji atoe toleo jipya la programu ya ndani, na kwa saa za bei hiyo matoleo hayo ni ya nadra.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Kimeru na Kiembu si lugha zisizosajiliwa. Katika orodha ya kimataifa ya lugha zina alama zake, mer na ebu, na herufi zake zina namba katika Yunikodi tangu zamani. Kilichobaki ni michoro minne, midogo kuliko punje ya mtama, ambayo pia ingewafaa Wagĩkũyũ na Wakamba.

Mpwa wangu hakununua saa ya pili. Alisema pesa hizo zitalipia kitambaa. Ameiacha saa yake ilivyo, bila kugeuza herufi, na mkewe amempa kanuni moja: akiona kisanduku, aache cherehani na afungue simu. Yule mteja wa Nkubu naye ameanza kuandika 'tûma' yenye kofia anapomwandikia fundi wake, na 'tũma' yenye kiwimbi anapowaandikia wengine. Sare kumi na mbili zilizobaki zilipelekwa Jumanne kwa matatu.